Mtoto afukuzwa shule bila kusikilizwa: mzazi aandike nini?

Habari zinapomfikia mzazi wa Kikenya aliyeko Maskati au London kwamba mwanawe amefukuzwa shule nyumbani, mara nyingi yeye huomba radhi au hugombana na walimu. Iko njia ya tatu, nayo huanza kwa barua kwa mwalimu mkuu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nchini Kenya, inayohusu pia shule za upili, inasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa tu baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kushindikana, na baada ya yeye na mzazi au mlezi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa. Aidha, kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapoathiri haki zake.

Chukulia mfano wa mama afanyaye kazi Maskati, ambaye mwanawe yuko katika shule ya bweni. Jumatatu usiku simu ya mkononi inakutwa chini ya godoro lake. Jumanne asubuhi anaandikishwa maelezo katika chumba cha walimu, na adhuhuri anakabidhiwa barua ya mstari mmoja: amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Shangazi yake, ambaye ndiye mlezi, anapewa taarifa mtoto akiwa tayari yuko langoni na sanduku lake.

Kosa la kwanza ambalo mama huyo angeweza kufanya ni kujaza kurasa kueleza kwamba simu haikuwa ya mtoto. Hoja hiyo ni ya kikaoni, na kikao hakikufanyika. Barua yenye nguvu husimama juu ya hilo. Yaweza kuandikwa hivi:

"Mwalimu Mkuu, ninaandika kupinga uamuzi wa Jumanne wa kumfukuza mwanangu. Sikuarifiwa tuhuma kabla ya uamuzi. Mimi na mlezi wake hatukuitwa kwenye kikao chochote. Mtoto aliandika maelezo bila mlezi kuwapo, na hakuonyeshwa ushahidi uliotumika. Barua ya shule haisemi ni hatua gani za kumrekebisha zilizotangulia. Kwa hiyo naomba mambo matatu: uamuzi huu uondolewe na mtoto arejee darasani, tupewe nakala ya maelezo yake na kumbukumbu za kikao, ikiwa kilifanyika, na kama shule bado ina tuhuma, tuitwe mbele ya bodi ya usimamizi tukiwa na muda wa kujiandaa. Naomba jibu la maandishi katika muda wa siku saba."

Ombi la nakala lina uzito wake. Kama kikao hakikufanyika, shule haitakuwa na kumbukumbu za kutoa, na ukimya wake utakuwa ushahidi. Sheria ya Utendaji wa Haki katika Utawala ya mwaka 2015 inasema kwamba pale sababu zilizoombwa zisipotolewa, uamuzi huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu ya msingi, hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Barua ipelekwe kwa mkono na mlezi, na nakala yake igongwe muhuri wa shule pamoja na tarehe. Nakala nyingine ziende kwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, ambaye ni katibu wa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Shule isipojibu, malalamiko hufikishwa kwenye bodi hiyo ya kaunti, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Elimu. Anayekimbilia Mahakama Kuu kabla ya kupitia ngazi hizo anaweza kurudishwa nyuma.

Upo mtego mmoja wa kuangaliwa. Shule inaweza kumshauri mlezi achukue barua ya uhamisho ili "jina la mtoto lisiharibike". Akiikubali na kutia saini, kumbukumbu zitaonyesha kuwa mtoto aliondoka kwa hiari, na itakuwa vigumu kupinga kufukuzwa ambako hakumo kwenye maandishi. Vivyo hivyo, barua ya kuomba msamaha iliyoandikwa kwa haraka huweza kusomwa kikaoni kama kukiri kosa.

Hata hivyo, barua hii haimsafishi mtoto. Bodi inaweza kuitisha kikao cha haki, ikasikiliza pande zote, na bado ikamwona na hatia. Tofauti ni kwamba safari hii mtoto atakuwa ameeleza simu ilikuwa ya nani na ilifikaje chini ya godoro lake, na walioamua watalazimika kuandika kwa nini hawakumsadiki.