Je, Wajua? Bordero ya Benki Siyo Mwisho wa Safari

Je, wajua kwamba mzigo wako ukivuka Kavimvira kutoka Gatumba, au ukishushwa bandarini Kalundu, unapewa namba tatu na kila moja inasema jambo lake? Ya kwanza inasema duane wamepokea deklarasheni yako. Ya pili inasema unadaiwa kiasi gani. Ya tatu inasema deni limelipwa. Wafanyabiashara wengi wa Uvira huondoka na ya kwanza au ya pili pamoja na bordero ya benki, wakaamini mambo yamekwisha. Bado.

Je, wajua kwamba deklarasheni hiyo husajiliwa kwenye kompyuta, katika mfumo uitwao SYDONIA World? Uliundwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. DGDA, yaani duane ya Kongo, wanautumia, na majirani zetu wa OBR ng'ambo ya mpaka wanautumia pia. Ndiyo maana karatasi za Bujumbura na za Uvira zinafanana kama ndugu. Zinafanana sura tu: namba iliyotolewa upande mmoja haina kazi upande wa pili.

Je, wajua kwamba namba ya SYDONIA peke yake haitoshi? Kila ofisi ina hesabu yake, na kila Januari hesabu inaanza upya kutoka moja. Kwa hiyo namba 2093 ya Kavimvira na namba 2093 ya Kalundu ni mizigo miwili tofauti, na ya mwaka huu siyo ya mwaka jana. Ukiinakili kwenye kijikaratasi ili mtu akulipie benki, andika vitu vinne pamoja: msimbo wa ofisi, mwaka, herufi iliyo mbele, na namba yenyewe. Kinachokosekana hapo ndicho kitakachokusumbua.

Je, wajua mahali pa kutupia jicho kwanza kwenye deklarasheni? Kisanduku cha 8. Humo limeandikwa jina la mwenye kupokea mzigo, pamoja na namba yake ya kodi. Kisanduku cha 14 ni cha wakala wa forodha. Jina lako likikosekana katika 8, na badala yake likawemo la wakala au la mtu mliyechanganya naye mzigo, basi mbele ya serikali mzigo ule ni wa mwingine, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwako. Angalia pia kisanduku cha 22, chenye jumla ya ankara na sarafu yake, na cha 23, chenye kiwango cha kubadilishia fedha. Sifuri moja ikizidi pale, deni lote linavimba.

Je, wajua kwamba hesabu ya deni unaweza kuifanya mwenyewe? Imeandikwa wazi katika kisanduku cha 47. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitambaa soko la Mulongwe. Thamani ya mzigo wake mpaka mpakani ni faranga 20,000,000, na tuseme bidhaa yake inatozwa ushuru wa asilimia 10. Ushuru ni 2,000,000. TVA ni asilimia 16, lakini haihesabiwi juu ya thamani peke yake: inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 22,000,000. Inakuwa 3,520,000. Jumla 5,520,000, tukiziacha kando tozo nyingine ndogo ambazo nazo zina mstari wao humo humo. Karatasi inayobeba jumla hiyo imeandikwa juu yake Bulletin de liquidation. Hiyo ni hati ya deni. Ina muhuri, ina namba, inapendeza, lakini haithibitishi kwamba umelipa hata faranga moja.

Je, wajua pesa hupotelea wapi? Mara nyingi hazipotei, zinakwama. Mama yule anampa kijana faranga 5,520,000 kamili aende benki, na benki inakata ada yake humo humo. Kinachofika ni pungufu, na deni halifungwi kwa malipo nusu nusu: kwenye mfumo linabaki wazi, mzigo unabaki ghalani. Ada ya benki ibebe mbali na kodi. Kosa la pili ni namba ya deni kuandikwa vibaya dirishani. Hapo fedha zinaweza kufunga deni la mtu mwingine, na kuzirudisha kunataka barua, vielelezo na subira. Kabla hujaondoka dirishani, soma bordero yako neno kwa neno mbele ya karani: namba ya deni, ofisi, jina lako, kiasi mpaka faranga ya mwisho. Kosa lililoonekana pale pale ni rahisi kusahihisha. Likisubiri kesho, limeshaingia kwenye hesabu.

Je, wajua basi uthibitisho ni upi? Ni Quittance. Hii ndiyo namba ya tatu, na inazaliwa pale tu malipo yanapoandikwa dhidi ya deni lako ndani ya mfumo. Iweke kando ya hati ya deni: lazima itaje namba ile ile ya deni na kiasi kile kile. Kisha mwombe wakala akufungulie deklarasheni kwenye skrini yake, nawe usome hali yake kwa macho yako. Kama bado inaonyesha deni limekadiriwa tu, wakati una bordero ya jana mkononi, rudi benki kwanza. Usianze kugombana na watu wa duane, maana wao wanaona kile ambacho benki imekiingiza.

Je, wajua kwamba kwa mizigo inayopitia Kigoma utaratibu una sura nyingine? Tanzania malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo watu huiita kontrol namba. Ina tarakimu 12, inaanza na 99, na ni ya ankara moja tu yenye tarehe yake ya mwisho. Ukilipa kwa simu ukakosea tarakimu, simu inaweza kukataa, au inaweza kukuletea ankara ya mwingine. Kwa hiyo soma jina na kiasi kinachotokea kwenye skrini kabla ya kuingiza namba ya siri.

Je, wajua kwamba Quittance ile ina kazi ya pili, baada ya mzigo kufika dukani? Kama umeandikishwa kwa TVA huko DGI, ile 3,520,000 uliyolipa mpakani unaidai. Mama wetu akiuza vitambaa vyote kwa 30,000,000 kabla ya kodi, anakusanya TVA ya 4,800,000 kutoka kwa wateja. Anapeleka deklarasheni yake DGI isizidi tarehe 15 ya mwezi unaofuata, anatoa ile aliyolipa duane, na kinachobaki kulipwa ni 1,280,000. Lakini haki hiyo inakwenda na deklarasheni yenye jina lake katika kisanduku cha 8 na ushahidi wa malipo yake. Bila hivyo atalipa 4,800,000 nzima. Na stakabadhi ya DGI ya kupokea deklarasheni nayo inathibitisha jambo moja tu, kwamba uliwahi kuwasilisha; malipo yana ushahidi wake wa pembeni.

Kwa hiyo usimlipe wakala wako salio lake la mwisho mpaka akukabidhi Quittance yenyewe, na nakala yake uiweke nyumbani, si kwake.