Dakika ya Kwanza ya Gemu ya Kidole Gumba

Mtu amepakua gemu mpya, ameifungua ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umeshika simu. Kinachomjia ni ukurasa wa maelezo. Anabonyeza “Endelea” bila kusoma. Unakuja ukurasa wa pili, naye anabonyeza tena. Gemu inapoanza hajui la kufanya, anashindwa bila kuelewa kwa nini, anaifunga, na pengine kabla ya kufika kituoni ameshaifuta ili apate nafasi ya picha.

Kosa si la mchezaji. Maelezo hayo yamekuja kabla hajakutana na tatizo lolote, kwa hiyo hana pa kuyashikiza. Mtu hujifunza gemu kwa kutenda jambo na kuona limezaa nini. Kazi ya mtengenezaji, basi, ni kuipanga dakika ya kwanza ili jambo la kwanza atakalotenda mchezaji liwe ndilo sahihi, na la pili limfundishe kanuni ya pili, bila mtu kumwambia.

Mfano unaojulikana ni Flappy Bird, gemu ya ndege anayepita katikati ya mabomba, iliyotengenezwa na Dong Nguyen wa Vietnam. Ilitoka mwaka 2013, na yeye mwenyewe akaiondoa sokoni Februari 2014 ikiwa inavuma dunia nzima. Wengi wanaikumbuka kwa ugumu wake. Mimi naona mwanzo wake unastahili kutazamwa zaidi. Ndege anaelea mahali pamoja akipiga mabawa, na chini yake kuna picha ndogo ya kidole kinachogusa. Haanguki mpaka umguse. Ukimgusa anaruka, ukimwacha anaanza kushuka, na bomba la kwanza bado lina muda kidogo kabla ya kufika. Katika kipande hicho kitupu cha anga mchezaji ameshaelewa yote: kugusa humpandisha ndege, kutogusa humshusha. Kinachobaki ni ustadi.

Ili tuone kazi yenyewe inavyofanyika, tuseme tunatengeneza gemu ya ngalawa inayopanda kuelekea juu ya kioo, simu ikiwa imesimama wima. Ngalawa haiendi moja kwa moja. Inakwenda mshazari, kushoto au kulia, na kila ukigusa kioo tanga linageuka na chombo kinashika upande wa pili, kama baharia anavyobisha dhidi ya upepo. Tendo la mchezaji ni hilo moja tu. Kanuni ni tatu: mchanga unakusimamisha, mwamba unavunja chombo, na dhoruba inayokuja nyuma inakumeza ukikawia.

Tuanze na mkono wenyewe. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliwatazama watu zaidi ya 1,300 wakitumia simu mitaani na sehemu nyingine za umma, akakuta karibu nusu wanaishika kwa mkono mmoja. Kidole gumba cha mkono huo hufika kwa raha sehemu ya chini na ya kati ya kioo. Pembe za juu kinazifikia kwa kujinyoosha. Kidole hicho pia kinaziba kilicho chini yake. Kwa hiyo ngalawa yetu tunaiweka katikati ya kioo, juu ya kidole, na hatari zote zinatokea juu. Kioo chenye urefu wa pikseli 1,600 kinatuachia pikseli 800 mbele ya chombo. Ngalawa ikipanda kwa pikseli 200 kila sekunde, mchezaji anauona mwamba sekunde 4 kabla ya kuufikia. Kwa mgeni huo ni muda wa kutosha. Baadaye tutaongeza mwendo, lakini si katika dakika hii.

Mguso nao lazima ukubaliwe popote kioo kilipo. Wageni wengi hudhani wanapaswa kuigusa ngalawa yenyewe, wengine hutelezesha kidole badala ya kugusa. Tukisoma mguso pale kidole kinapotua, wala si kinapoinuka, wote hao wanapata jibu sahihi, hata yule anayebonyeza kwa muda mrefu.

Sasa gemu inafunguka. Hakuna menyu, hakuna kuulizwa jina, hakuna ombi la ruhusa ya kutuma arifa. Ngalawa imetia nanga ufukwe wa kulia, mawimbi yanacheza, na tanga limekunjwa. Bahari inamsubiri mchezaji. Akigusa, tanga linafunguka na chombo kinaelekea kushoto. Tumekianzisha kulia kwa makusudi: mkondo una upana wa pikseli 600 na chombo kinakwenda pembeni kwa pikseli 200 kwa sekunde, hivyo mchezaji ana sekunde 3 za kuutazama ufukwe wa pili ukimjia. Kama tungekianzisha katikati, angebakiwa na sekunde moja na nusu, na wageni wengi wangeduwaa tu.

Akiduwaa hata hivyo, ngalawa inagota mchangani na kusimama. Hajafa, hajapoteza kitu. Bahari inasubiri tena, na jambo pekee analoweza kufanya ni kugusa. Anagusa, tanga linageuka, chombo kinaondoka kuelekea kulia. Hapa ndipo somo zima la gemu linapoingia, nalo limeingia kwa kidole chake mwenyewe.

Maneno tunayaacha kwa aliyekwama tu. Zikipita sekunde 4 bila mguso, picha ya kidole inajitokeza chini ya kioo. Akigusa inaondoka na hairudi. George Fan, aliyebuni Plants vs. Zombies, alishauri katika hotuba yake kwa watengenezaji wa gemu mwaka 2012 kwamba maneno yaliyo kwenye kioo kwa wakati mmoja yasizidi manane. Ni kipimo kizuri, maana kinamlazimisha mwandishi kuchagua. Kwenye gemu yetu hata mawili, “Gusa ugeuke”, yanatosha.

Kuanzia sekunde ya tano hadi kama ya ishirini, pande zote mbili ni mchanga mtupu. Tunapanga samaki mstari mmoja mshazari, na mstari huo unakoma kidogo kabla ya ufukwe. Mstari mwingine unaanzia hapohapo kuelekea upande wa pili. Mchezaji anayefuata samaki anajikuta anageuka kwa wakati unaofaa, akidhani anavua tu.

Kisha unakuja mwamba wa kwanza, nao ndio hatua inayoharibiwa zaidi. Kishawishi ni kuuweka njiani ili mchezaji “aone”. Lakini anayekufa kwa kitu asichokijua huhisi ameonewa. Sisi tunauweka pembeni, mahali ambapo njia ya samaki haifiki, na mbele ya macho yake gogo linaloelea linaugonga na kupasuka vipande. Ameona mwamba unafanya nini bila kulipa gharama. Mwamba wa pili ndio unaokaa katikati ya mkondo, peke yake, na nafasi pana kila upande. Rangi lazima zisaidie: mchanga ni wa njano na kingo zake ni laini, mwamba ni mweusi wenye ncha. Kama vitu viwili vyenye matokeo tofauti vinafanana juani, kwenye kioo cha simu ya bei nafuu, mpangilio wote huu unakuwa bure.

Dhoruba inakuja mwisho, karibu na sekunde ya 45, kama kivuli kinachopanda polepole kutoka chini ya kioo. Ikija mapema zaidi, mgeni anaharakishwa kabla hajaweza hata kugeuka, na anajifunza kuhangaika badala ya kuendesha.

Mgeni wetu sasa atakufa, na kifo hicho cha kwanza kinahitaji uangalifu kuliko ushindi wowote. Chombo kikigonga, picha isimame nusu sekunde, mwamba uliohusika uwake, kisha kila kitu kingine kififie. Aone: niligonga hiki, hapa. Halafu aanze upya kwa mguso mmoja, kidole kikiwa palepale kilipo. Kuna mtego mdogo hapo. Mtu aliyekuwa akigusa kwa kasi anaendelea kugusa hata baada ya kugonga, hivyo anaanza upya kabla hajaona kilichomuua. Tunapuuza miguso katika zile sekunde 0.5 za kusimama, na tatizo linakwisha. Tangazo la biashara likiwekwa hapa linafuta somo lote, maana linakaa katikati ya kosa na jaribio la kulisahihisha. Na anapoanza upya asirudishwe kwenye mchanga aliokwisha kuuelewa. Aanzie karibu na ule mwamba.

Utajuaje kama mpango huu unafanya kazi? Mpe simu mtu asiyewahi kuiona gemu hiyo, kisha unyamaze. Kunyamaza ni kugumu, kwani mkono wa mtengenezaji huwashwa kuonyesha. Lakini neno lako moja likishatoka, jaribio hilo limeharibika. Tazama kidole kinapositasita, na tazama macho yanapoinuka kukuuliza. Ndani ya gemu weka kumbukumbu za mambo machache: kufungua, mguso wa kwanza, mguso wa pili, kuupita mwamba wa kwanza, kufa, kuanza tena.

Tuseme watu 20 wamefungua, 19 wamegusa mara ya kwanza, lakini waliofika kwenye mwamba ni 12. Saba wamepotelea mchangani, mahali palipokusudiwa kuwa rahisi kuliko pote. Kumbukumbu zinaonyesha kila mmoja wa hao saba aligusa mara nne au tano ndani ya sekunde moja, kisha akaacha. Hawakukosa kugusa, waligusa kupita kiasi. Tukitazama tena tunaona tanga huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kugeuka. Mtu aligusa, hakuona badiliko, akagusa tena, na mguso wa pili ukaufuta wa kwanza. Akafikia uamuzi kwamba kugusa hakuna maana. Dawa yake haikuwa sentensi ya maelezo. Chombo kibadili mwelekeo papo hapo, sauti ya tanga isikike papo hapo, na mwendo wa kitambaa kugeuka ufuatie kama pambo.

Njia hii ina mpaka wake. Gemu ya karata au ya kujenga mji ina kanuni zisizoonekana kwa macho, na baadhi yake zitahitaji sentensi. Hapo busara ni kuziahirisha kila moja mpaka dakika inapohitajika. Hata kwenye ngalawa yetu, anayejua gemu za namna hii atageuka kwa usahihi mara tatu mfululizo kabla ya kuugusa mchanga. Gemu inaweza kuliona hilo na kumletea mwamba wa kwanza kwenye sekunde ya kumi badala ya ya ishirini.