Mteja Haandiki "Matengenezo ya Majokofu"

Karakana nyingi za friji jijini Dar es Salaam hujitangaza mtandaoni kwa maneno ya heshima: "Wataalamu wa matengenezo ya majokofu na vifaa vya kielektroniki, Wilaya ya Ilala." Hakuna kosa la Kiswahili hapo, na maneno hayo yanapendeza kwenye mhuri na kwenye karatasi ya zabuni. Sasa mfikirie mama anayekaa Tabata. Nyama ya wiki nzima imeanza kuyeyuka, naye ameshika simu kwa mkono mmoja. Kwenye kisanduku cha Google ataandika "fundi friji tabata". Au ataandika "friji inawaka ila haigandishi". Hata neno moja la tangazo lile halimo katika alichoandika.

Google hujitahidi kuunganisha maneno yenye maana moja, na kwa Kiingereza imefika mbali. Kwa Kiswahili usiitegemee kiasi hicho. Kazi ya kukutanisha lugha ya fundi na lugha ya mteja inabaki kwa mwenye biashara, na habari njema ni kwamba haihitaji fedha. Inahitaji masikio, daftari na jioni mbili tatu. Nitaifuata karakana hiyo ya Tabata, kwa sababu ni mfano unaobeba karibu kila tatizo la maneno analokutana nalo mfanyabiashara wa Kiswahili.

Pa kuanzia ni WhatsApp ya biashara, kabla hata ya kugusa Google. Rudi nyuma kwenye ujumbe wa wateja wapya na unakili sentensi yao ya kwanza jinsi ilivyo, bila kusahihisha. Utakuta "habari fundi, friji langu halipoozi", "mnajaza gesi bei gani", "friji inavuja maji chini", "fridge yangu inaunguruma sana", "mnakuja hadi Kinyerezi?" Simu za kupigwa nazo zina hazina ileile: mwombe anayepokea aandike alichosema mteja kabla ya kuulizwa chochote. Baada ya muda orodha itaonyesha jambo ambalo fundi mwenyewe halioni, kwa kuwa amezoea kufikiri kwa vipuri. Yeye anasema kompresa, themostati, kapilari. Mteja anasema kile anachokiona jikoni kwake: haigandishi, inavuja, inapiga kelele, inakata umeme. Maneno ya dalili ndiyo anayoandika mtu mwenye shida.

Orodha ikishapatikana, ipeleke Google ikapimwe. Fungua dirisha la Incognito ili historia yako ya kutafuta isiingilie, andika "fundi friji", acha nafasi, usibonyeze kitu. Mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku yanatokana na mambo ambayo watu wanayatafuta kweli, ingawa mahali ulipo na lugha ya simu yako pia huyabadilisha. Ongeza herufi moja moja: "fundi friji t", kisha "k", kisha "s". Jaribu "friji hai", "friji hali", "bei ya kujaza", "fundi fridge". Kinachojitokeza kiandike. Kisha tafuta kweli na ushuke hadi mwisho wa ukurasa, kwenye maswali na utafutaji unaohusiana. Ukiona neno la daftarini kwako limejitokeza na hapo, hilo ni neno hai.

Wapo wanaokimbilia Google Trends. Ni chombo kizuri kwa swali moja: kati ya maneno mawili, lipi linatafutwa zaidi katika nchi fulani? Chagua Tanzania, chagua miezi 12 iliyopita, weka "friji", "fridge" na "jokofu" pamoja. Ila kumbuka mambo mawili. Namba zake za 0 hadi 100 ni za kulinganisha tu, hazihesabu watu. Pili, neno dogo kama "fundi friji tabata" laweza kukosa data kabisa, na hilo halina maana kwamba hakuna anayeliandika. Karakana moja haihitaji watafutaji elfu. Wachache kwa wiki wenye friji bovu na nia ya kulipa wanatosha kuijaza kazi.

Nia hiyo ndiyo kipimo ninachokithamini kuliko wingi. "Bei ya friji" hutafutwa na watu wengi, lakini wanataka kununua friji jipya. Ukihangaika kulipata neno hilo utashindana na maduka ya Kariakoo kwa ajili ya wateja wasiokuhitaji. "Friji haigandishi tatizo nini" ni la mtu anayetaka kwanza kuelewa. Anaweza kuwa wako ukimjibu vizuri. "Fundi friji tabata" ni la mtu anayetaka namba ya simu sasa hivi. Namna rahisi ya kuijua nia ni kutazama majibu yenyewe. Google ikileta ramani yenye karakana, imeelewa kwamba mtu anataka huduma ya karibu. Ikileta maduka au maelezo marefu, imeelewa vingine, na wewe fuata hivyo.

Halafu kuna jina la mahali, ambalo wengi hulikosea. Tabata iko Wilaya ya Ilala, ndiyo, lakini mkazi wa Tabata akisikia "Ilala" anafikiria Ilala Boma. Mipaka ya kiserikali haimo kichwani mwa mteja. Kwake ni Tabata Bima, Relini, Barakuda, Segerea, Kimanga. Tumia majina anayomwelekeza nayo bodaboda. Lakini usiyarundike yote kwenye mstari mmoja ukidhani utaonekana kila kona ya jiji: kwenye ramani, Google hutazama jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali kutoka kwa mtafutaji, na umaarufu wa biashara. Umbali haurekebishwi kwa maneno. Fundi wa Tabata hatamshinda kirahisi fundi wa Mbagala kwa mteja aliyeko Mbagala.

Tahajia nayo ina mambo yake. Neno moja lina sura nyingi: friji, frij, fridge, hata fliji kwa wanaochanganya r na l. Gesi huandikwa gasi na gas. Mtu mmoja anasema "friji haligandishi", jirani yake "friji haigandishi", na wote wawili ni wateja. Ushauri wangu ni huu. Umbo linalotumiwa na wengi liwe kwenye kichwa cha ukurasa na katika orodha ya huduma. Umbo la pili lililoenea, kama "fridge", liingie ndani ya sentensi ya kawaida: "Tunatengeneza friji za aina zote, ziwe fridge za milango miwili au friza za dukani." Makosa ya kuandika kama "frij" usiyaweke kabisa. Mengine Google itayasahihisha, na kwa yasiyosahihishwa, hasara ya kuonekana mzembe mbele ya kila mteja ni kubwa kuliko faida. Kurundika tahajia zote chini ya ukurasa, au kuzificha kwa rangi nyeupe, Google inakuhesabu kuwa ulaghai na inaweza kuushusha ukurasa wako.

Mpaka wa nchi nao hubadili maneno. Mtanzania hutafuta "nyumba ya kupanga" mahali ambapo Mkenya mara nyingi husema "kukodisha", na mteja wa Nairobi mwenye friji bovu anaweza kuandika "fridge repair Nairobi" moja kwa moja. Orodha iliyokusanywa Dar usiihamishie Mombasa bila kusikiliza upya.

Maneno yakishachaguliwa, pa kuyaweka ni pachache. Kwenye Google Business Profile, jina la biashara liwe lile lililo kwenye kibao chako, basi. Kuligeuza kuwa "Fundi Friji Bora Tabata Segerea Kinyerezi" ni kinyume cha kanuni za Google na wapo waliosimamishiwa ukurasa kwa hilo, wakapoteza ramani na maoni yao yote kwa majuma. Kundi la biashara huchaguliwa kutoka orodha ya Google yenyewe. Kwa karakana hii ni "Refrigerator repair service". Kiswahili chako kina nafasi kwenye sehemu ya huduma, ambako unaweza kuongeza zako: "Kujaza gesi ya friji", "Friji isiyogandisha", "Kubadilisha kompresa". Maelezo ya biashara yana kikomo cha herufi 750. Yaandike kama unavyomjibu mteja kwa simu, na Tabata itajwe mara moja au mbili, inatosha.

Kuna sehemu nyingine ambayo mafundi wengi huisahau: maoni ya wateja. Mteja anayeandika "friji langu lilikuwa haligandishi, fundi akaja Segerea siku ileile" amekuandikia maneno bora kuliko utakayoyatunga, na kwa tahajia ya watu. Mwombe aeleze tatizo lilikuwa nini na alikuwa wapi. Usimpe zawadi wala punguzo kwa ajili hiyo. Google inakataza, na maoni ya kununuliwa hunuka tangu mstari wa kwanza.

Kama una tovuti, kila tatizo kubwa lipewe ukurasa wake. Kichwa kinachoonekana Google kinaweza kuandikwa hivi:

```
<title>Friji haigandishi? Fundi friji Tabata, Dar es Salaam</title>
```

Chini yake eleza kwa uaminifu: angalia kama mlango unafunga vizuri, kama themostati haijashushwa, kama barafu haijaziba njia ya hewa, hayo yakiwa sawa, piga namba hii. Wengine watajitengenezea wenyewe na hawatakulipa. Waache, kesho kompresa ikifa watakumbuka nani aliwaambia ukweli. Na mtu akitaka kukuuzia huduma ya kujaza "keywords" kwenye lebo iliyofichwa ya ukurasa, mkatalie: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii lebo hiyo kupanga majibu. Vilevile mkatalie anayekuhakikishia nafasi ya kwanza, maana hakuna mwenye uwezo wa kutoa ahadi hiyo.

Baada ya mwezi, rudi ukague. Ukurasa wako wa Google huonyesha maneno yaliyotumiwa na watu walioiona biashara yako, na Search Console hufanya vivyo hivyo kwa tovuti: neno gani, limeonekana mara ngapi, limebonyezwa mara ngapi. Neno linaloonekana sana bila kubonyezwa huashiria moja kati ya mawili: nia yake si yako, au maelezo yako hayamjibu mtu. Neno usilolitarajia, tuseme "fundi friza ya dukani", ni kazi ambayo hukuitangaza na watu wanaiulizia. Liongeze kwenye huduma zako kama kweli unaiweza.

Anza na ujumbe wa WhatsApp ulioingia wiki hii. Nakili maneno ya wateja kumi wa mwisho, yaweke kando ya tangazo lako, na uangalie ni mangapi yanafanana. Yasipofanana, badilisha tangazo.