Kapsheni Inayosomwa Dirishani

Wasikilizaji wa redio wanaijua ile sauti inayokimbia mwishoni mwa tangazo la mkopo: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Mtangazaji ameimba sifa za mkopo kwa nusu dakika nzima, kisha sehemu inayomfunga mteja inapita kwa pumzi moja. Kwenye Instagram kazi hiyo inafanywa na simu yenyewe. Kapsheni inaweza kufika herufi 2,200, lakini anayepitisha kidole huona takriban 125 za mwanzo, na zilizobaki hujificha mpaka aguse maandishi kuyafungua. Wengi hawagusi.

Kwa duka la viatu hilo si tatizo kubwa. Kwa benki au kampuni ya bima ni jambo zito, kwa sababu mteja atapiga picha ya skrini, na siku mambo yakienda kombo atakuja nayo hadi dirishani: "Mbona hapa mliandika hivi?" Hapo karani hawezi kumwambia kwamba ule ulikuwa uchangamfu wa mitandaoni tu.

Tuchukue mkopo wa kubuni, ila wa aina inayotangazwa kila wiki. Kijana wa masoko ameleta kapsheni hii: "Mtaji wako upo hapa! Mkopo wa chap chap kwa riba nafuu ya 1.5% tu. Usipitwe, ofa inaisha leo! Vigezo na masharti kuzingatiwa." Ina uchangamfu na inasomeka. Afisa anayesimamia uzingatiaji wa sheria ataizungushia kalamu nyekundu karibu yote, na hatakuwa anamwonea mtu.

Aanze na 1.5%. Ni kwa mwezi au kwa mwaka? Inapigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, au juu ya deni linalobaki kila baada ya rejesho? Mkopo wa Sh2,000,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi ikipigwa juu ya mkopo wote, unazaa riba ya Sh360,000. Riba hiyo hiyo ikipigwa juu ya deni linalopungua, inazaa takriban Sh200,000. Tofauti ni kama Sh160,000, na kapsheni zote mbili zingeweza kuandika "1.5% tu" bila kusema uongo. Mfanyabiashara mdogo anayelinganisha benki mbili kwa simu yake hana njia ya kuijua tofauti hiyo, na neno "nafuu" halimsaidii, maana hajaambiwa nafuu kuliko nini.

Tuseme mkopo wetu ni wa aina ile ya kwanza. Sentensi ya kwanza sasa inakuwa hivi: "Mkopo wa biashara: ukikopa Sh2,000,000 utarejesha Sh196,700 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla Sh2,360,400." Ni herufi zisizozidi 110, kwa hiyo zote zinaonekana kabla simu haijakata. Haina asilimia hata moja, lakini mama lishe anaweza kuigawa Sh196,700 kwa siku 30 na kujua kama biashara yake inaweza kutoa karibu Sh6,600 kila siku. Chini yake ndipo yakae mengine: njia ya kupiga riba, ada ya kushughulikia mkopo (tuseme Sh40,000 inayokatwa mwanzoni, hivyo mkononi anapokea Sh1,960,000), dhamana inayotakiwa, na adhabu ya kuchelewesha rejesho. Ada hiyo ndiyo inayozua ugomvi mwingi dirishani, na mimi ningeipandisha hadi sentensi ya pili.

Mamlaka ya kusimamia huduma za fedha ya Uingereza, FCA, ililitolea jambo hili mwongozo mwezi Machi 2024. Inataka kila tangazo la fedha mtandaoni lijitosheleze lenyewe, na tahadhari muhimu zisifichwe nyuma ya maandishi yanayokatwa na simu. Tanzania ina kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Anayeandikia benki inafaa azisome mwenyewe, asingoje kusimuliwa na mwanasheria.

Kitenzi nacho kinaahidi. "Utapata mkopo ndani ya saa 24" ni ahadi kwa kila anayesoma, akiwemo yule ambaye ombi lake litakataliwa. "Tutakujibu ndani ya saa 24 za kazi tukishapokea nyaraka zako zote" inaahidi kitu ambacho benki inaweza kukitimiza. Wenzetu wa masoko hulalamika kwamba sentensi ya namna hii imepoa. Kweli imepoa, lakini mteja aliyejibiwa kwa wakati haoni upoaji wowote.

Kuna sababu nyingine ya kuacha "usipitwe" na "ofa inaisha leo", nayo haizungumzwi vya kutosha. Hiyo ndiyo sauti ya matapeli. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" na kurasa bandia za benki vinategemea mtu aharakishwe kabla hajafikiri: bonyeza haraka, nafasi chache, mwisho leo. Benki inayowaharakisha wateja wake kila Ijumaa inawazoesha kubonyeza, kisha Jumatatu inawaandikia wajihadhari na utapeli. Ikiwa ofa ina mwisho, iandike tarehe na basi: "Hadi 30 Juni." Na kapsheni isimwombe mtu aache namba ya simu au ya akaunti kwenye maoni, kwa sababu anayeanza kumpigia huenda asiwe mfanyakazi wa benki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata kabla ya sheria hiyo zoea hili lilikuwa baya.

Je, benki isitanie kabisa? Itanie, mbona. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, utani kuhusu jirani aliyezima simu baada ya kufungwa hauna madhara. Mpaka upo pale panapoanza fedha ya mtu, deni lake au msiba wake. Bima ya mkono wa pole haiuzwi kwa vikaragosi vya kucheka. Isiuzwe kwa vitisho pia, kama ile picha ya watoto wanaolia na kapsheni "Ukifa leo, watakula nini?" Ingetosha kusema: "Msiba ukitokea, familia inapokea fedha za mazishi ndani ya siku tulizoahidi kwenye mkataba. Fahamu muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kulipa." Siku hizo zitajwe kwa namba kama zilivyo kwenye mkataba. Muda wa kusubiri nao utajwe mapema, kwa sababu familia nyingi huusikia kwa mara ya kwanza zikiwa tayari zimevaa kanga za msiba.

Bima kubwa ya gari inaweza kuandikwa kwa njia hiyo hiyo. "Endesha bila wasiwasi, tunalipa kila kitu" haiwezi kuwa kweli, maana mkataba una mambo usiyoyalipa, kama ajali ya dereva asiye na leseni halali, na mara nyingi mwenye gari hujilipia sehemu ya kwanza ya hasara. Kapsheni ikitaja mawili yanayolipwa na moja lisilolipwa, mteja anaiamini zaidi kuliko ile yenye sifa kumi. Na wakala naye hapati nafasi ya kujitungia jibu lake.

Mtandao wa benki ukikatika, lugha huwa ngumu ghafla. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza" huandikwa wakati mteja ameshakwama kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Mwambie nini hakifanyi kazi, nini kinafanya, na lini utaandika tena: "Tangu saa 3:10 asubuhi huduma ya kutoa fedha kwa simu haifanyi kazi. Kadi na mawakala wanafanya kazi. Tutatoa taarifa nyingine saa 5:00." Ikifika saa 5:00 na tatizo bado lipo, andika kwamba bado lipo.