Neno "Kinga" Kwenye Bango la Duka la Dawa

Baridi ya Juni ilipoanza kuuma hapa Morogoro, dada mmoja mwenye duka la dawa alinitumia maneno aliyotaka niyachape kwenye bango. Kazi yangu ni kuandaa matangazo ya maduka, na haya ya kwake yalikuwa mafupi: "Vitamini C 1000! Huzuia mafua. Huongeza kinga ya mwili. Haina madhara kabisa." Chini aliweka namba ya simu na picha ya chungwa lililokatwa.

Nilimpigia. "Mdogo wangu, hapo sijamdanganya mtu," akasema. "Wateja wangu wenyewe ndio wanaosema inawasaidia."

Nilimwamini. Wenye maduka wengi wanaotia chumvi kwenye matangazo hawana nia mbaya. Wanarudia walichosikia kwa mteja au kwa msambazaji. Tukakubaliana tuyapitie maneno yale sentensi moja moja, na kila moja tuiulize: hiki kinachosemwa kinajulikanaje?

Tulianza na "huzuia mafua". Vitamini C na mafua ni jambo lililopimwa kwa miaka mingi. Mwaka 2013, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio yaliyokusanya majaribio 29 yenye watu zaidi ya 11,000. Watu wa kawaida waliomeza vitamini C kila siku walipata mafua karibu sawa na wasiomeza. Tofauti ilionekana kwenye siku za kuugua: kwa watu wazima zilipungua kwa takriban asilimia 8. Kwa mafua ya siku saba, hiyo ni kama nusu siku. Tena nusu siku hiyo waliipata waliokuwa wakimeza kila siku kabla ya kuugua. Waliosubiri mpaka pua ianze kuchuruzika ndipo wameze, hawakuonyesha nafuu ya kutegemewa. Na mteja wa dukani ni huyo wa mwisho. Anaingia na leso mkononi.

Basi mbona wateja wanasema inawasaidia? Nao hawasemi uongo. Mafua huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku saba hadi kumi. Siku mbili za mwanzo mtu huvumilia. Siku ya tatu, kichwa kizito na koo linawasha, ndipo anakwenda dukani. Huo ndio wakati mafua yamefika kileleni, na kutoka hapo yatashuka hata kama angekunywa uji mtupu. Siku ya tano amepona, na kitu anachokikumbuka ni kile kidonge. Ndiyo maana ushuhuda wa mteja, hata uwe wa kweli kutoka moyoni, hautoshi kusimamisha tangazo la ugonjwa unaoondoka wenyewe. Kinachoweza kujibu swali ni kulinganisha waliomeza na wasiomeza, na kazi hiyo ilikwishafanyika.

Sentensi ya kwanza tukaifuta.

Ya pili, "huongeza kinga ya mwili", ndiyo iliyotuchelewesha. Kitaalamu ina punje ya ukweli: mfumo wa kinga unahitaji vitamini C, na aliyepungukiwa nayo kabisa huugua. Lakini mwenye kuandika tangazo hana budi kujiuliza msomaji atasikia nini. Kwa Kiswahili neno "kinga" linabeba mambo mawili: uwezo wa mwili kupambana na maradhi, na pia kukinga, yaani kuzuia kisipate kuingia. Anayesoma "huongeza kinga" akiwa njiani anasikia "hutaugua". Kwa hiyo ahadi tuliyoifuta kwenye sentensi ya kwanza ingerudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna msikiaji mwingine, na huyu ndiye aliyenifanya nikatae kabisa kulichapa neno hilo. Kwetu, anayeishi na VVU hulisikia neno "kinga" kliniki kila mara. Anaambiwa kinga imeshuka, kinga imepanda, kwa maana ya hesabu ya seli za CD4. Mtu huyo akikuta kwenye duka la dawa bango linalosema kidonge fulani huongeza kinga, ana haki ya kudhani linazungumzia kinga ile ile yake. Vitamini C haiwezi kushika nafasi ya dawa za kufubaza VVU. Hakuna kwenye lile bango aliyesema inaweza, lakini maneno yaliacha nafasi ya kuelewa hivyo, na anayeumia kwa kuelewa hivyo ni mgonjwa.

Dada yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sikulifikiria."

"Haina madhara kabisa" ilikuwa rahisi. Kiwango cha juu kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku. Kikizidi hapo, tumbo huvurugika na mtu huweza kuhara. Kidonge chake kimoja ni miligramu 1,000. Anayemeza asubuhi, mchana na jioni kwa kuamini haidhuru, ameshapita. Mwenye historia ya mawe kwenye figo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, maana sehemu ya vitamini C iliyozidi hugeuka kuwa oksaleti, mojawapo ya vitu vinavyojenga mawe hayo.

Tulichobaki nacho kilikuwa hiki: "Vitamini C, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, miligramu 1,000. Kwa watu wazima, kimoja kwa siku. Kama una tatizo la figo au unatumia dawa nyingine, zungumza kwanza na mfamasia wetu." Picha ya chungwa nayo tuliiondoa, kwa sababu ilimfanya mtu adhani kopo lina tunda. Pera moja lina vitamini C ya kumtosha mtu mzima kwa siku nzima, na mapera yanauzwa hatua chache kutoka mlangoni pake.

"Sasa nani atanunua?" akauliza. Swali la haki, kwani ana kodi ya kulipa. Nilimwambia bango kubwa tulipe bidhaa ambayo ukweli wake wenyewe una nguvu. Akachagua ORS. Hapa kuna la kusema kwa sauti: mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na ORS huvirudisha.

Hata hivyo rasimu yake ya kwanza ilisema "Huzuia kuhara." ORS haifungi choo. Mama akiamini inafunga, atampa mtoto vikombe viwili, ataona bado anaharisha, ataimwaga akidhani haifanyi kazi, na hapo ndipo mtoto hukaukiwa maji. Chumvi ile ndogo ingegeuza bidhaa nzuri kuwa bure mikononi mwa mama. Tukaandika: "Mtoto anaharisha? ORS hurudisha maji na chumvi anazopoteza. Endelea kumpa hata kama bado anaharisha, na endelea kumnyonyesha. Changanya kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Akishindwa kunywa, macho yakibonyea au ukiona damu kwenye choo, mpeleke hospitali mara moja."

Matangazo ya dawa kwa umma yanahitaji kibali cha TMDA kabla ya kutoka, kwa hiyo tuliyapeleka maneno hayo pamoja na karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti, tukiwa tumepiga mstari chini ya kila sentensi ya karatasi hiyo iliyobeba sentensi yetu. Mistari miwili tu ya bango haikupata pa kuegemea kwenye karatasi: ya bei, na ya saa za kufungua duka.