Kumwalika Fundi wa Kike Bila Kumfanya Pambo

Tangu 2021, shamba la sola la Langobaya, bara ya Malindi, huingiza umeme kwenye gridi ya taifa likiwa na uwezo wa megawati 52. Huku mwambaoni paneli zinazidi kupanda mapaa ya hoteli na nyumba. Mwajiri anayewatafuta mafundi wa kike huandika hivi: "Tunatafuta vijana wenye nguvu wa kufunga sola. Wanawake pia wanahimizwa kuomba."

Kosa liko wapi? Kiswahili kimemrahisishia kazi, maana "fundi" ni mwanamume au mwanamke. Ila "vijana wenye nguvu" masikioni mwa wengi ni wanaume, na ile "pia" inamwacha mwanamke barazani wenzake wakiwa ndani. Hata hiyo nguvu imetiwa chumvi. Paneli kubwa ina kilo zisizopungua 25, na kwa usalama hubebwa na watu wawili.

Maneno ya kuhimiza yanaweza kumfukuza yule yule anayealikwa. Watafiti Leibbrandt na List walijaribu matangazo ya kazi katika miji 10 ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Tamko la usawa lilipowekwa, watu wa jamii za wachache walipungukiwa na hamu ya kuomba, hasa wenye elimu. Walihofu kuajiriwa kwa maonyesho. Utafiti ulihusu rangi, si jinsia, lakini hofu hiyo fundi wa kike anaijua vizuri.

Sasa chukua mfano wa kubuni: Kadzo, aliyesomea umeme chuo cha ufundi. Ujumbe wa kumwalika ungesomeka hivi:

"Hujambo Bi. Kadzo. Mkufunzi wako alitupa namba hii kwa idhini yako, akatuonyesha ubao wa saketi ulioufunga. Tunahitaji fundi wa sola Kilifi. Mshahara ni shilingi ... kwa mwezi, sawa kwa mafundi wote wa daraja hili. Leseni ya EPRA tutakusaidia kuipata. Mkanda wa usalama na buti utapimiwa. Choo cha wanawake kipo, na gari hurudisha watu kabla ya magharibi. Usaili ni kufunga saketi, jaribio moja kwa waombaji wote. Ukiwa na swali, mpigie fundi mkuu."

Neno "mwanamke" halimo isipokuwa kwenye choo. Sababu ya kuitwa ni ubao alioufunga. Mambo ambayo angeona haya kuyauliza (pesa, choo, safari ya jioni) yamejibiwa kabla hajauliza.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi tangu kwenye kuajiri, lakini inaruhusu hatua za kuinua walioachwa nyuma. Kwa hiyo kumtafuta Kadzo ni halali. Ila mwajiri ambaye choo chake bado ni ahadi, akijenge kwanza, ndipo autume ujumbe.