Mtoto Hulishika Neno kwa Mkia

Mjukuu wangu alikuwa na miezi 21 alipoingia jikoni kwetu Nyasho, mjini Musoma, ameshika kikombe kitupu. Akakiinua, akasema, "Maji kuna." Shangazi yake akamjibu kwa upole, "Ndiyo mama, maji yapo," akaendelea kuosha dagaa. Mtoto akarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, "Maji kuna!" Shangazi akaitikia tena. Hapo mtoto akakaa sakafuni akalia.

Mimi nafundisha isimu, na nilikuwa naandika sauti na maneno ya mtoto huyu kwenye daftari tangu alipokuwa na miezi mitano. Kwa hiyo nilijua anachosema. Alikuwa anasema "maji hakuna." Silabi ya kwanza ilikuwa imebaki kichwani mwake bila kutoka mdomoni, na sentensi ikageuka kinyume. Kwa nini alidondosha silabi hiyo na si nyingine? Jibu linatupitisha katika hatua zote tatu za lugha ya utotoni, tangu kubwabwaja hadi sentensi ya maneno mawili.

Tuanze mwanzo. Akifika miezi miwili au mitatu mtoto hutoa sauti laini za kooni, "guu" na "ngaa", akiwa ameshiba na ametulia. Hizo bado si silabi. Silabi halisi, yaani konsonanti na irabu zilizoungana kwa kasi ya usemi wa kawaida, huanza kati ya miezi sita na kumi. Taya hufunguka na kufungika kwa mpigo, midomo au ncha ya ulimi ikiziba njia ya hewa kila mara, na ndipo tunasikia "bababa", "mamama", "dadada". Hiki ndicho wanaisimu wanakiita kubwabwaja.

Sasa tazama maneno ambayo Kiswahili kimewapa watu walio karibu na mtoto: mama, baba, dada, kaka, bibi, babu. Yote ni silabi mbili, kila moja konsonanti na irabu. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba majina ya wazazi yanafanana katika lugha nyingi kwa sababu watu wazima huchukua sauti zinazomtoka mtoto kirahisi, kisha huzipa maana. Nyumbani kwetu tuliliona hilo waziwazi. Mjukuu alipofika miezi minane alianza kusema "tatata". Mama yake, ambaye amekulia kwenye Kiswahili, hakusikia kitu. Bibi yake mzaa baba, Mkurya wa Kiabakari wilayani Butiama, alipiga vigelegele, kwa maana katika Kikurya "tata" ni baba.

Je, alikuwa anamwita baba? Bado. Sauti inakuwa neno pale mtoto anapoitoa mwenyewe bila kuongozwa, kwa umbo lilelile kila mara, na kwa kitu kilekile au jambo lilelile. Mjukuu alisema "tatata" akiitazama dari, akioga, akimtazama paka. Neno lake la kwanza nililiandika akiwa na miezi 12 na nusu, nalo lilikuwa "gaa". Alilisema mwanamke muuza dagaa alipopita mlangoni, akalirudia kesho yake alipoona ungo wa dagaa juani.

Hiyo "gaa" ndiyo ufunguo wa kilio cha jikoni. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: da-GA-a, sa-MA-ki, ki-TA-bu, cha-KU-la. Silabi hiyo husikika kwa nguvu na huvutwa kidogo kuliko nyingine. Ile inayofuata ndiyo ya mwisho, na sikio la mtoto hubaki nayo kwa sababu baada yake pana kimya. Ongeza kwamba kinywa cha mtoto wa mwaka mmoja, kilichozoea "baba" na "dada", hubeba silabi mbili kwa raha. Matokeo ni kwamba mtoto hulishika neno kwa mkia, na kinachodondoka ni kichwa. Katika daftari langu samaki ni "maki", kitabu ni "tabu", viatu ni "atu", chakula ni "kula". Kuku alibaki kuku tangu siku ya kwanza, kwa sababu hana cha kudondosha.

Hatua hii ya neno moja huchukua miezi kadhaa, na neno moja hubeba mzigo wa sentensi nzima. "Kuku" ilikuwa kuku, bata, kunguru, na hata ndege wakubwa wa ziwani. "Atu" ilikuwa "viatu vyangu viko wapi", na pia "tutoke nje". Ni lazima utazame macho na mikono ya mtoto ndipo ujue maana.

Vitenzi hufuata kanuni ileile, na hapa Kiswahili kinaachana na lugha ambazo vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwazo. Mwaka 1973 Mmarekani Roger Brown alichapisha uchunguzi wake maarufu wa watoto watatu waliojifunza Kiingereza, na tangu hapo wengi hupima lugha ya mtoto kwa kuhesabu vipande vinavyoongezeka katika kila kauli. Katika Kiingereza kipande kipya mara nyingi ni neno jipya. Katika Kiswahili neno "anakuja" peke yake ni sentensi: a- ni mtenda, -na- ni wakati, -kuja ni tendo. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hukua kwa njia mbili kwa pamoja. Anaunganisha neno na neno, na wakati huohuo anarudisha vichwa vya maneno aliyoyakata.

Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wanne waliokuwa wakijifunza Kiswahili Nairobi, akachapisha matokeo mwaka 2005. Aliona kwamba watoto hao huacha kiambishi cha mtenda, au cha wakati, au vyote viwili, lakini irabu ya mwisho wa kitenzi haiachwi. Nilipolisoma hilo nilirudi kwenye daftari langu na kuliona palepale. Mjukuu wangu alikuwa na "taka" na "taki". Ya kwanza ni "nataka", ya pili ni "sitaki". Kiambishi cha kukanusha, si-, kilikuwa kimedondoka, lakini irabu ya mwisho ilikuwa imegeuka kuwa -i kama inavyotakiwa, na hakuwahi kuzichanganya. Msikilizaji mwenye haraka husikia neno moja lililotamkwa vibaya. Kumbe mtoto ana sarufi ya kukanusha, ila ameihifadhi mkiani.

"Hakuna" haina bahati hiyo. Mkazo uko kwenye "ku", na mkia wake ni "na". Ukikata kichwa inabaki "kuna", neno kamili lenye maana iliyo kinyume kabisa. Ndiyo maana "taki" ilieleweka na "maji kuna" ikaleta machozi.

Sentensi za maneno mawili zilianza akiwa na miezi 19, ndani ya muda wa kawaida wa miezi 18 hadi 24. Moja niliyoipenda ni "baba Bunda". Baba yake hufanya kazi Bunda na hurudi Jumamosi. Jumatatu asubuhi, mlango ulipofungwa, "baba Bunda" ilikuwa "baba amekwenda Bunda". Jumamosi jioni, kwa sauti ya furaha, ilikuwa "baba amerudi kutoka Bunda". Mwaka 1970 Lois Bloom alionyesha jambo hilohilo kwa mtoto aliyetaja mama na soksi kwa pamoja, mara moja akimaanisha soksi ni ya mama, mara nyingine akimaanisha mama anamvisha yeye soksi. Maneno ni yaleyale, uhusiano ni tofauti. Mtoto ana mawazo mengi kuliko viungo vya kuyaunganisha.

Karibu na miaka miwili vichwa vikaanza kurudi, kidogokidogo. "Tabu" ikawa "itabu", irabu tu ikishika nafasi ya kiambishi, kisha "kitabu". Katherine Demuth aliona njia kama hiyo kwa watoto wanaojifunza Kisotho huko Lesotho: kwanza nomino bila kiambishi, halafu kivuli cha irabu, kisha kiambishi kamili. Kwenye vitenzi "kuja" ikawa "nakuja", na hapo tukapata mkanganyiko mpya. "Mama nakuja" haikuwa "mama, mimi nakuja". Ilikuwa "mama anakuja", ikingoja tu a- yake.

Kanuni hii ya mkia ni ya Kiswahili, na mkoa wetu wa Mara una lugha nyingi. Katika Kikurya mtu ni "omonto", neno lenye irabu ya ziada mwanzoni, na lugha hiyo hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti, haina mkazo wa kudumu kama wetu. Usitarajie mtoto akate maneno ya bibi yake kwa kisu kilekile. Unapohesabu maneno ya mtoto wa lugha mbili, hesabu ya lugha zote kwa pamoja: anayesema "maji" kwa mama na "amanche" kwa bibi ana maneno mawili, wala hajachanganyikiwa. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 akakulia kwenye Kizanaki; shule ya Mwisenge, mjini Musoma, alianza mwaka 1934. Lugha ya bibi haikukizuia Kiswahili chake.

Kukata vichwa, basi, si ugonjwa. Kuna dalili nyingine ninazoomba zisipuuzwe. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa "guu" kama wengine, na hilo huwadanganya wazazi. Kinachochelewa kwake ni silabi. Mtoto aliyefika miezi kumi bila "baba" wala "dada" ya aina yoyote apelekwe kupimwa masikio. Asiyekuwa na neno hata moja akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha mawili akifika miaka miwili, naye apelekwe. Na aliyekuwa na maneno yakapotea apelekwe mara moja, umri wowote. Usimpime kwa kupiga sufuria nyuma yake, maana anaweza kugeuka kwa mtikisiko tu, au akasikia mshindo mkubwa na bado asisikie mazungumzo.

Miezi mitano baada ya kile kilio, mjukuu aliingia jikoni na kikombe kilekile. Shangazi yake alikuwa amempa mgongo. Mtoto akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Maji hakuna." Shangazi hakugeuka hata kumtazama mikono. Alinyoosha mkono kwenye mtungi, akamchotea.